Spika ya kinyozi inashika chaji dakika chache halafu inazima: ni tundu, waya, chaja ama betri?

kinyozi_umoja
Wadau, habari za jioni. Niko na spika ya Bluetooth hapa kinyozi, Umoja. Inacheza tangu nifungue asubuhi hadi nifunge usiku, na muda wote iko kwenye stima. Tundu lake la chaji ni lile dogo la USB-C.

Shida ni hii. Nikichomeka, taa nyekundu inawaka. Baada ya kama robo saa inazima yenyewe, yaani imejaa. Nikichomoa nitoke nayo nje, inacheza nyimbo mbili tatu, inatoa ule mlio wa betri kuisha, kwisha habari. Siku zingine taa haiwaki mpaka niusukume waya kwa upande. Na chaja mpya ya simu yangu, ile ya waya wenye C pande zote mbili, haiioni spika kabisa, ni kama nimechomeka ukutani bila stima.

Jirani anasema tundu limeisha. Fundi mmoja wa mtaani ametaka mia nane abadilishe tundu, na hata hajaifungua. Kabla nitoe hiyo pesa, nianzie wapi?

Babuu_Rongai
Hiyo ni chaja ya simu imeichoma. Hizi chaja za kasi zinasukuma volti 9 hadi 20, spika ndogo itavumiliaje? Tafuta chaja ya kitambo, ile ya ampea moja, na uache kubahatisha.

makanga_45
Hata yangu hufanya hivyo! Tukifika Roysambu sauti inakatika, inarudi, inakatika tena. Nikitoa simu mfukoni inatulia. Jaribu kuweka simu karibu na spika.

kinyozi_umoja
@makanga_45 hapana bro, yangu sauti haikatikikatiki. Inazima kabisa kwa kukosa chaji.

makanga_45
Sawa, nimesoma nikiwa mlangoni.

Fundi_Benchi
Kinyozi, usilipe mtu yeyote kwanza. Umeeleza malalamiko matatu ukayafunga pamoja, na kila moja lina mlango wake.

La kwanza, taa inawaka ukisukuma waya kwa upande. Hiyo ni kushikana: ncha ya waya haikai vizuri tunduni, au mguu wa tundu umeachia solda ndani. La pili, taa inazima haraka na ukichomoa betri inaisha papo hapo. Hiyo hutoka pande mbili: ama umeme unakatika njiani na taa ikazimika kwa kuukosa, ama chipu ya kuchaji imeona betri imefika volti 4.2 ikaamini imejaa. La tatu, waya wa C pande zote hauioni. Hilo mara nyingi si ugonjwa hata kidogo, nitalirudia.

@Babuu_Rongai chaja ya kasi haisukumi. Inaanza na volti 5, na inapanda tu kifaa kikiiomba kwa lugha yake. Spika kama hii haina hata mdomo wa kuomba. Na ampea ni za kuvutwa: chaja ya ampea 3 itatoa nusu ampea kama spika inavuta nusu ampea. Ninachokubaliana nawe ni kuhusu zile chaja nyepesi za vibandani zisizo na jina. Zingine volti zao hurukaruka kabisa, na hizo huua vitu kweli.

Sasa kinyozi, zima spika, chomoa waya, washa tochi ya simu uangalie ndani ya tundu. Halafu chomeka waya uniambie: ule mdomo wa chuma unaingia wote, ama kuna sehemu inabaki inaonekana nje?

kinyozi_umoja
Fundi, ndani kuna kitu cheusi kimejishindilia huko chini. Nimeangalia vizuri, ni nywele! Nywele na poda nyeupe vimeshikana. Chuma cha waya kinabaki nje kama milimita moja, na waya unachezacheza.

mhasibu_mchoyo
Sasa wateja wako wanakunyoa pesa na wewe unawachaji nywele 😂

Fundi_Benchi
Nilikuwa natarajia vumbi la kawaida, lakini kinyozi ni kinyozi. Hii naiona sana kwa simu za wanyozi na mafundi nguo. Kila ukichomeka waya unasukuma uchafu chini kidogo, unakandamizwa mpaka unakuwa kama sufi ya godoro. Mwisho ncha haifiki mwisho wa njia, inagusa nusunusu.

Safisha hivi. Chukua kijiti cha kuchokolea meno, cha mbao, ukichonge kwa wembe kiwe bapa na chembamba. Katikati ya tundu kuna ulimi mwembamba. Juu na chini yake ndiko pini ziliko. Usiuguse ulimi. Pitisha kijiti kando kando, ukikwaruza kutoka chini kwenda nje, taratibu. Geuza spika tundu liangalie chini ili uchafu uanguke. Usipulize kwa mdomo, unaingiza mate.

Babuu_Rongai
Pini ya kawaida inatoa hiyo kitu kwa sekunde mbili. Mimi simu zangu zote nasafisha na pini ya shati.

Fundi_Benchi
Na siku moja hiyo pini italala juu ya miguu miwili. Kwa USB-C pini ya umeme imekaa bega kwa bega na pini ndogo ya mawasiliano. Ukikwaruza ulimi ukatoa ile dhahabu ya juu, baada ya miezi unaanza kuona madoa meusi ya kutu, na hapo ndipo tundu linahitaji kubadilishwa kweli. Mbao haipitishi stima na ni laini kuliko pini. Kwa kazi hii sitaki kitu kingine.

kinyozi_umoja
Naweza kumwagia spiriti? Hapa ninayo ya kusafishia mashine.

Fundi_Benchi
Toa uchafu ukiwa mkavu kwanza, nywele zikilowa zinashikana zaidi. Ukimaliza kutoa uchafu, kama bado kuna utando, tumia alkoholi ya isopropili, tone moja kwenye brashi laini. Spiriti zingine za duka la dawa huwa na mafuta ndani, zinaacha utando. Kisha iache ikauke vizuri kabla ya kuchomeka chochote.

kinyozi_umoja
Nimemaliza. Imetoka sufi nzima, ndefu kama punje ya mchele na ngumu. Sasa waya unaingia wote na unatoa ule mlio wa "tik". Taa inawaka bila kusukuma, hata nikiutikisa haizimi.

Lakini waya wa C pande zote bado hauioni. Na taa bado inazima mapema.

Fundi_Benchi
Vizuri sana, umejua tundu lako ni zima, umeokoa mia nane. Kama lingekuwa limeachia solda, ungeona taa ikipepesa ukiusukuma waya juu au chini hata baada ya kusafisha, na mdomo wa tundu lenyewe ungecheza ndani ya plastiki.

Sasa lile la waya wa C. Chaja yenye tundu la C haitoi umeme mpaka ione kuna kifaa upande wa pili. Inakijua kwa rizista ndogo mbili za ohmu 5,100 ambazo mtengenezaji anatakiwa kuweka nyuma ya tundu. Watengenezaji wa spika za bei rahisi huziruka, wanajua utatumia waya wa mdomo mpana wa kizamani upande wa chaja, ambao hutoa volti 5 bila kuuliza maswali. Kwa hivyo chaja yako haijaharibika na spika haijaharibika. Ziko kwenye nyumba moja lakini hazisalimiani. Tumia waya wa mdomo mpana upande mmoja na C upande wa pili, basi.

Wengine huweka rizista moja tu. Hizo utakuta zinachaji ukichomeka upande mmoja na zinakataa ukigeuza waya. Jaribu kugeuza uone.

kinyozi_umoja
Nimegeuza, hakuna kitu pande zote. Kwa hivyo hawakuweka hata moja.

Mwana_Pumwani
Jamani samahani kuwaingilia, nami nina langu. Hedifoni zangu zile kubwa za kufunika masikio, nikizichaji nyumbani kwa chaja hazina neno. Nikizichaji kwa pawabenki njiani, zinachaji kidogo, kisha pawabenki inajizima. Nikiibonyeza inaamka, inachaji tena, halafu inalala. Na tundu nimelitazama, safi kabisa, hakuna nywele wala nini. Nimeshanunua waya wa pili bila faida.

Fundi_Benchi
Dada Mwana, rudisha huo waya wa pili kama wanakubali. Hedifoni zina betri ndogo na zikikaribia kujaa zinavuta umeme kidogo mno. Pawabenki nyingi zikiona mvuto uko chini ya kiasi fulani, kwa nyingi ni kati ya milliampea 50 na 100, zinadhani umeshachomoa, zinajizima ili zisijimalize. Angalia hili: hedifoni zikiwa tupu kabisa, pawabenki inalala mapema hivyo hivyo?

Mwana_Pumwani
Sasa umenifanya nifikirie. Zikiwa tupu inakaa muda mrefu. Kulala kwenyewe hutokea zikishakuwa na chaji chaji.

Fundi_Benchi
Ndiyo hiyo. Pawabenki zingine zina namna ya kuchaji vitu vidogo, unabonyeza kitufe mara mbili au unakishikilia, taa inabadilika rangi. Soma kikaratasi chake. Kama haina, chaji hedifoni pamoja na simu kwenye pawabenki hiyo hiyo, mvuto wa simu utaiweka macho.

Mwana_Pumwani
Ahsante sana mwanangu, Mungu akuzidishie. Ila zangu pia hupata joto karibu na tundu. Hilo nalo?

Fundi_Benchi
Joto dogo la kuenea kwenye kikombe chote cha sikio ni la betri kuchaji, kawaida. Joto la nukta moja pale tunduni, mpaka ncha ya waya inakuwa moto ukiishika, ni mguso mbaya. Na kama kikombe kimevimba au mto wa sikio umesukumwa nje, usizichaji tena hata mara moja. Bila kuziona sitakuambia zaidi.

kinyozi_umoja
Turudi kwangu basi. Taa inazima mapema. Inacheza nyimbo tatu. Nini kinafuata?

Fundi_Benchi
Kinachofuata ni kuacha kukisia. Tafuta mita ya USB, kile kidude kidogo cha skrini kinachokaa kati ya chaja na waya. Kinaonyesha volti, ampea, na hesabu ya mAh, yaani chaji yote iliyopita. Kwa maduka ya elektroniki ya Luthuli ziko, na ukifika usichukue ile isiyohesabu mAh, utakosa jambo lenyewe tunalolitafuta.

mhasibu_mchoyo
Kwani kidude hicho ni pesa ngapi? Msije mkaanza kuuziana vitu hapa.

Fundi_Benchi
Siuzi kitu mimi. Na si lazima anunue, anaweza kuazima kwa fundi yeyote wa simu.

kinyozi_umoja
Nimeazima. Chaja ni ile ya mdomo mpana, imeandikwa 5V 2A. Nimezima spika, nimechomeka. Mita inasoma volti 5.08, ampea 0.38.

Babuu_Rongai
Volti 5.08 ni safi. Chaja nzuri, waya mzuri. Imebaki betri.

Fundi_Benchi
Babuu, nusu yake umepata. Mita imekaa upande wa chaja, kwa hivyo hizo volti ni za chaja kabla hazijapita kwenye waya. Waya unaweza kuzila njiani na mita isijue chochote. Chaja ni nzuri, hapo nakubali, maana haijashuka ikiwa inavutwa. Waya bado hatujaupima.

Njia rahisi ya kuupima: acha chaja ile ile, spika ile ile, badilisha waya peke yake, uangalie ampea. Tafuta waya mfupi na mnene, hata wa kuazima. Fanya haraka kabla betri haijabadilika sana.

kinyozi_umoja
Duh. Nimechukua waya wa mteja, mfupi, mnene kidogo. Mita inasoma 0.92! Nikirudisha wangu inarudi 0.38, 0.36. Wangu ni ule mrefu wa mita mbili, nilinunua kwa barabara hapo Tom Mboya.

Fundi_Benchi
Basi waya wako ni mgonjwa pia. Nyuzi za ndani ni nyembamba na umeziongezea urefu, volti zinafika kwa spika zimechoka, chipu ya kuchaji inapunguza mvuto ili isizimike. Ndiyo maana pia mchana ukicheza kwa sauti kubwa, spika inakula kuliko kinachoingia, na betri inashuka hata ikiwa kwenye stima.

Sasa tumia huo waya mnene. Spika ikiwa imezimwa, ichaji kutoka tupu hadi taa izime yenyewe. Weka mita kwenye sufuri kabla ya kuanza. Ukimaliza niandikie mAh. Na kama kuna kibandiko chini ya spika au kitabu chake kinachotaja betri, nisomee.

kinyozi_umoja
Kwa kitabu wameandika betri 3.7V 2200mAh.

Ilianza 0.92, ikakaa hapo kidogo, ikaanza kuteremka: 0.6, 0.3, 0.1. Taa ikazima. Mita imehesabu 236 mAh.

Fundi_Benchi
Hapo sasa. Betri ya 2200 ikivuta 0.92 kutoka tupu inatakiwa ikae hapo karibu saa mbili, halafu iteremke polepole, jumla kama saa tatu. Hesabu ya mita haitalingana sawasawa na ya kitabu, kuna inayopotea na inategemea aina ya chipu, lakini ungeona hata 1800. Wewe umeona 236, kama sehemu moja ya kumi.

Betri ikizeeka ukinzani wake wa ndani unapanda. Ukiisukumia umeme, volti zake zinaruka hadi 4.2 mapema, chipu inaona imejaa, inaanza kupunguza. Ukichomoa, volti zinaanguka tena, na ukigonga besi zinaanguka zaidi, spika inajizima. Chipu haijadanganya, imesoma volti tu, na volti hazisemi betri imebeba kiasi gani.

Kuhusu kilichoizeesha: kukaa 4.2 siku nzima, kila siku, ndani ya spika yenye joto, karibu na dirisha la kinyozi pengine. Betri za lithiamu hazipendi kujaa na kupata joto kwa pamoja.

solda_moto
Nimefuata uzi wote kimya. Nakubali betri imekufa, ila hilo la "iko kwenye stima kila wakati" mnalikuza. Spika nzuri ikijaa hukata betri na kucheza moja kwa moja kutoka kwa chaja. Nina wateja wa hoteli spika zao hazichomolewi mwaka mzima.

Fundi_Benchi
Spika nzuri, ndiyo. Hii haikuwekewa hata rizista mbili za shilingi, wewe unaiamini kwa njia ya pembeni ya umeme?

solda_moto
Hata hivyo bila kuifungua huwezi kusema. Acha mtu afungue tuone bodi.

kinyozi_umoja
Nitaipeleka Luthuli wiki hii, ifunguliwe nikiona. Nimwambie fundi nini ili asinibebe?

Fundi_Benchi
Mwambie unataka betri tu, tundu ni zima, na mita unayo. Akijua una mita ataongea tofauti.

Ndani utakuta aina moja kati ya mbili: silinda ya 18650, au pakiti laini ya bapa. Ukikuta silinda, usikubali ile iliyoandikwa 9900mAh au namba nyingine ya ajabu. Za ukweli za umbo hilo unazokuta dukani ni kati ya 2000 na 3500. Iweke mkononi: ya kweli ina uzito wa gramu 45 hivi, feki ni nyepesi mpaka unashangaa. Na asiweke chuma cha solda moja kwa moja kwenye kitako cha betri. Betri ije na vibati vyake vilivyoshonwa kwa mashine, yeye alehemu kwenye vibati.

La muhimu zaidi: hesabu nyaya za betri ya zamani. Zikiwa mbili, nyekundu na nyeusi, hakuna hadithi. Zikiwa tatu, ule wa tatu ni wa kupima joto. Betri mpya ya nyaya mbili ikiwekwa hapo na wa tatu ukaachwa hewani, spika inaweza kukataa kuchaji, au taa ikawaka kidogo na kuzima. Utarudi hapa ukilia kwamba ugonjwa ni ule ule.

solda_moto
Na hapo ndipo tunaweka rizista ya ohmu 10,000 kati ya huo waya na ule mweusi, spika inadhani joto ni la kawaida. Kazi ya dakika mbili. Nimefanya nyingi, zote zinatembea.

Fundi_Benchi
Zinatembea, sikatai. Lakini umeipofusha. Betri ikipata joto spika haitajua, itaendelea kuchaji. Kwa kitu kinachochajiwa kutwa ndani ya chumba cha watu, mimi sifanyi. Kihisi cha betri ya zamani kinatoka kizima, unakibandika kwenye betri mpya kwa tepu ya joto.

solda_moto
Kama kinatoka kizima. Mara nyingi kimemwagiwa gundi.

kinyozi_umoja
Nimerudi kutoka Luthuli. Ilikuwa silinda, na nyaya zilikuwa tatu: nyekundu, nyeusi, nyeupe. Fundi alitaka kuukata mweupe aufunge na tepu. Nikamwambia hapana, uhamishe kihisi. Akaniangalia kidogo, akauliza kama mimi ni fundi. Nikamwambia mimi ni kinyozi. Akauhamisha. Betri mpya imeandikwa 2600.

Betri ya zamani ilikuwa na karatasi yake imejikunja na kubadilika rangi upande uliogusa bodi. Bodi yenyewe haina kutu, tundu limeshika vizuri, solda zote nne za pembeni ziko sawa.

Nimechaji usiku na waya mpya mfupi. Mvuto umekaa 0.93 muda mrefu sana, halafu ukateremka. Mita imehesabu 2380. Leo imecheza nje ya stima tangu asubuhi na bado.

Babuu_Rongai
Hongera. Mimi bado nitatumia chaja ya ampea moja.

Fundi_Benchi
Tumia tu, Babuu, haitaiua. Itachelewa kidogo.

@kinyozi_umoja betri ya zamani usiitupe kwa takataka za mtaa, zinachomwa. Funga ncha zake kwa tepu umpelekee fundi au mahali wanapokusanya taka za elektroniki.

kinyozi_umoja
Sawa. Ila kuna kitu kimoja. Nikiweka sauti mwisho kabisa na wimbo uwe na besi nzito, inajizima, inajiwasha tena. Chaji ikiwa imejaa haifanyi, ni ikifika kama nusu. Sauti ya kawaida haina shida.

solda_moto
Betri uliyouziwa haiwezi kutoa ampea nyingi kwa mpigo. Nyingi za Luthuli zimetolewa kwa pakiti za laptopu zilizotumika. 2600 inaweza kuwa nayo, lakini ikivutwa ghafla inazama.

Fundi_Benchi
Inawezekana. Inawezekana pia ni kile kibodi kidogo cha ulinzi kwenye betri kinakata mapema, au fundi ametumia waya mwembamba kati ya betri na bodi, au solda ya baridi. Ungepima volti pale kwenye bodi wakati besi inapiga, halafu upime pale kwenye betri yenyewe. Zikianguka kote sawa, ni betri. Zikianguka kwenye bodi peke yake, ni waya, solda au kile kibodi cha ulinzi.

kinyozi_umoja
Hiyo inataka kufunguliwa tena.

Fundi_Benchi
Ndiyo, na mita ya kawaida ya mafundi, si ile ya USB. Waranti amekupa?

kinyozi_umoja
Mwezi mmoja kwa mdomo.

mhasibu_mchoyo
Kwa mdomo 😂

Fundi_Benchi
Nenda nayo kabla mwezi haujaisha, mpigie wimbo wenyewe mbele yake ikiwa nusu chaji. Ukienda ikiwa imejaa haitaonyesha kitu.

Mwana_Pumwani
Nimepata kile kitufe cha pawabenki, kweli ni kubonyeza mara mbili. Hedifoni zimechaji hadi mwisho bila kulala. Lile joto la tunduni bado lipo, nitaleta picha nikipata mwanga mzuri.